Ijumaa ya Tisa

Ijumaa ya tisa ilipita, na Tarsis hakurudi.

Winifrida alitoka kanisani saa moja asubuhi, tarehe mosi Februari mwaka 1980, akarudi nyumbani, mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwa miguu. Kwa miezi tisa, kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, alikuwa ameungama na kupokea komunyo bila kuruka hata mara moja, maana aliambiwa kwamba anayeruka moja huanza upya kuhesabu. Ijumaa ya tano alikwenda na homa. Mumewe Onesphory alimshika mkono njia nzima, na kila baada ya nguzo mbili za umeme walisimama ili atapike. Alipokea komunyo huku meno yanagongana, akarudi kulala siku tatu. Hakujutia. Alikuwa na ombi moja tu, na aliamini kwamba ombi lililobebwa namna hiyo haliwezi kutupwa.

Mwanawe Tarsis aliondoka na mgambo Desemba 1978 kwenda vitani Uganda. Barua yake ya mwisho ilikuwa ya Aprili. Vita vilikwisha, vijana wakaanza kurudi kwa makundi, wengine na redio, wengine na kikohozi. Mtaa wa nyuma walirudi wawili. Kila aliyerudi alisema hakuwa kikosi kimoja na Tarsis.

Uani, Bi Zamda mwenye nyumba alikuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi. Winifrida akamwamkia shikamoo, akaitikiwa.

"Mama Tarsis, umemaliza zile Ijumaa zako?"

"Nimemaliza."

"Alhamdulillahi. Sasa kaa unywe chai, hata kama haina sukari."

Winifrida hakukaa. Alisimama na rozari yake mkononi akasema kwamba amemaliza tisa kamili na mlango bado haujabishwa hodi. Bi Zamda aliacha kukuna. Alikuwa mwanamke aliyesoma chuo cha Kurani mpaka akahitimu, na alipozungumza mambo ya dini alizungumza polepole, kama anayepima kitambaa kwa mkono.

Alimweleza alivyofundishwa na mwalimu wake: kwamba dua ya mja haipotei, maadamu haombi dhambi wala kukata undugu. Ina njia tatu. Ama anapewa alichoomba hapa hapa duniani, ama anaepushiwa shari iliyo sawa na kile alichoomba, ama anawekewa akiba yake Akhera, na huko atakapoiona atatamani lau dua zake zote zingewekwa. Kinachoharibu dua, alisema, ni haraka. Mtu anasema nimeomba, nimeomba, sikujibiwa. Hapo ndipo anaacha kuomba, na hapo ndipo anapoipoteza.

"Na tumbo," aliongeza. "Anayekula haramu anainua mikono, lakini chakula chake kinamzuia. Ndiyo maana nakuambia kila siku ile pombe yako ya mbege."

"Bi Zamda, mbege yenyewe sijaipika tangu vita. Ulezi nitautoa wapi?"

"Basi hilo limepungua." Bi Zamda alicheka kidogo, akaona mwenzake hacheki, akanyamaza.

"Njia tatu," Winifrida alisema. "Ya kwanza sijaiona. Ya pili, nitajuaje kwamba nimeepushiwa kitu? Ya tatu mpaka nife. Sasa Bi Zamda, niambie, mtu ambaye haombi lolote, anayekaa kimya tu, na mimi, tuna tofauti gani ukitutazama kwa macho?"

Bi Zamda alirudi kwenye nazi yake. Alisema tofauti iko mbele ya Mola. Winifrida alijibu kwamba mbele ya Mola ndiko alikotoka sasa hivi.

*

Mchana alipanga foleni kwenye duka la ushirika. Sukari ilikuwa imekuja, na iligawiwa kwa idadi ya watu walioandikwa kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi mwenyewe, Ndugu Mrisho, alisimama mlangoni na daftari lake. Alimpimia Winifrida sukari ya watu watatu.

"Sisi wanne," Winifrida alisema. "Mimi, mume wangu, Severa na Tarsis."

"Humu wameandikwa watatu, ndugu."

"Mmemkata mwanangu kwa sababu yuko vitani? Amekwenda kuwapigania ninyi, mnamkata kwenye sukari?"

Waliokuwa nyuma yake walianza kunung'unika, si kwa ajili ya Tarsis, kwa ajili ya foleni. Mama mmoja akasema jeshini wanakula nyama, hiyo sukari ya hapa ni ya nini. Mrisho aliinamisha macho kwenye daftari, akageuza ukurasa, akaurudisha. Alisema kwa sauti ya chini kwamba yeye hakumkata mtu. Mwenye kaya ndiye aliyekuja kuhesabisha, mwezi wa Septemba, na mwenye kaya alisema watatu.

Winifrida alichukua sukari yake. Alidhani mumewe alifanya hivyo kwa uaminifu wake wa kipumbavu, maana Onesphory ni mtu wa kurudisha hata senti iliyozidi. Alitembea kwenda nyumbani anamkasirikia kwa jambo dogo, na hasira hiyo ndogo ilimpumzisha na ile kubwa.

*

Nyumbani alimkuta wifi yake, Theopista, dada mkubwa wa Onesphory, aliyekuwa amewasili na basi kutoka Moshi. Alikuja na mkungu wa ndizi, na ndani ya kitenge chake alikuwa na jani refu la kijani, limefungwa fundo katikati. Wachaga wote wanalijua: isale, jani linalopandwa mpakani na kwenye makaburi ya wazee. Aliyekosa akikuletea isale lenye fundo anakuomba msamaha, na isale halikataliwi. Hata mtu aliyeuliwa nduguye, akiletewa, hulipokea.

Theopista alikuwa Mkatoliki wa kila Jumapili. Hata hivyo alisema lililomleta bila kuzunguka. Tarsis alikwenda vitani moja kwa moja kutoka Dar es Salaam. Hakupanda kwanza nyumbani Moshi kuwaaga wazee, hakutemewa mbege kifuani, babu yake hakuambiwa kaburini kwamba mjukuu anakwenda kwenye bunduki.

"Wewe unampigia Mungu kelele, wifi, na ni sawa. Lakini huyo Ruwa, Mungu mwenyewe, hana ugomvi na sisi, yeye ni mkubwa mno. Waliokasirika ni wa karibu. Ukiwa na neno na mkubwa wa kazi na karani amekununia, barua yako itafika lini? Tulipeleke hili jani kwa babu, na mbuzi mmoja. Njia itafunguka."

"Kwa hiyo mwanangu harudi kwa sababu babu yake amenuna."

"Sijasema hivyo."

"Umesema hivyo hivyo. Mzee aliyembeba mgongoni, aliyemfundisha kutembea, leo amekufa ananyima njia kwa sababu hakuagwa. Wifi, kama ni kweli, huyo babu namchukia."

Theopista alishtuka, akajifanya anapanga ndizi. Jani alilitundika kwenye msumari juu ya meza, karibu na picha ya Moyo Mtakatifu, akasema litakaa hapo mpaka watakapopata akili.

Onesphory aliporudi jioni aliliona. Alisimama mbele yake na kofia mkononi kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kulitazama jani. Kisha waliketi kusali, yeye, mkewe, dada yake na Severa binti yao, kama kila jioni. Winifrida ndiye aliyeongoza. Aliomba, "Bwana, mrudishe Tarsis akiwa mzima," na Onesphory akaitikia, "Amina." Severa aliona baba yake anaitikia huku amefumba macho kwa nguvu, kama anayemezeshwa kwinini. Alidhani ni imani.

*

Jumatatu Winifrida alikwenda ofisi ya parokia. Alikuwa amepanga maneno yake. Mwalimu Marcelino, katekista, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimkaribisha kwenye benchi. Winifrida akamwambia kwamba ametimiza Ijumaa tisa na anataka kujua ahadi inatimizwa lini.

"Ahadi gani, mama?"

"Ya Ijumaa tisa."

Marcelino alivua miwani. Alieleza kwa upole wa mtu aliyekwisha kueleza jambo hilo mara nyingi kwa watoto wa kipaimara. Ahadi ya Moyo Mtakatifu kwa anayetimiza Ijumaa tisa ni neema ya toba ya mwisho: kwamba hatakufa katika dhambi, wala bila sakramenti anazohitaji. Ni ahadi ya kufa vema. Haikuwa kamwe ahadi ya kupewa kitu ulichoomba, wala ya kumrudisha mtu kutoka safarini. Nia unaweza kuweka, ndiyo, na Mungu anaisikia. Lakini hakuna mahali pameandikwa tisa kwa moja.

Winifrida alisogea mbele kwenye benchi.

"Mwezi wa Juni nilikuja hapa hapa nikakuambia nia yangu. Ulisema vizuri mama, Mungu akutie nguvu. Mbona hukuniambia?"

"Sikutaka kukukatisha tamaa."

"Miezi tisa nimekuwa nanunua nguo dukani kwa mtu asiyeuza nguo, na wewe umekaa mlangoni unanipungia mkono."

Marcelino aliona haya, na kama wengi wanaoona haya alianza kufundisha. Alisema zipo sababu ombi kuonekana halijibiwi. Mtume mmoja anasema watu wanaomba na hawapati kwa kuwa wanaomba vibaya, wapate kutumia kwa tamaa zao. Mwalimu mmoja wa kale wa Kanisa alisema tunaomba tukiwa wabaya, au tunaomba vibaya, au tunaomba mabaya. Winifrida akamuuliza, mama kumwomba mwanawe ni lipi kati ya hayo matatu. Marcelino akasema si lolote. Basi zipo nyingine: yule mjane aliyemsumbua hakimu mpaka akapewa haki yake, maana yake tusichoke, mtume aliyeomba mara tatu aondolewe mwiba mwilini, akajibiwa kwamba neema inamtosha, mwiba ukabaki, na Bwana mwenyewe bustanini, aliyeomba kikombe kimwepuke, na hakikumwepuka.

"Huyo mjane alipewa," Winifrida alisema. "Huyo mtume alijibiwa, hata kama aliambiwa hapana. Alisikia hapana kwa masikio yake. Mimi hata hapana sijaambiwa. Nikiambiwa hapana nitalia, nitanyoa nywele, nitajua. Mwalimu, siombi tena arudi. Naomba nijibiwe."

Marcelino alivaa miwani yake. Alisema watamwandikia Misa, na akainuka kutafuta kalamu kwenye chumba cha pili. Daftari la nia za Misa alikuwa amelifungua mezani.

Winifrida alikuwa amesoma kisomo cha watu wazima miaka miwili, jioni, kwenye shule ya msingi ya jirani, akafaulu hatua ya tatu. Alikuwa bado anasoma kwa kidole, akinong'ona silabi, na alipenda kusoma chochote kilichokuwa mbele yake, kibao cha dukani au karatasi ya maandazi. Basi akasoma. Ukurasa ulikuwa wa zamani. Juu uliandikwa, *Marehemu wote, 2 Novemba 1979.* Chini yake majina, familia kwa familia, kama waumini walivyoyaleta kwenye bahasha ili yawekwe altareni siku ya kuwaombea marehemu. Kidole kilishuka. *Familia ya Onesphory, Gerezani.* Jina la baba mkwe wake. Jina la mama mkwe wake. *Ta. Tar. Tarsis.*

Alisoma tena tangu mwanzo wa mstari, kwa sababu kisomo kilimfundisha kwamba mara nyingi kosa ni la msomaji.

Marcelino alirudi na kalamu. Winifrida alimwambia, bila kuondoa kidole, kwamba amemwandika mwanawe kwenye wafu, na alifute jina hilo sasa hivi mbele yake. Marcelino aliinama. Alisema majina yalikuwa zaidi ya mia tano, aliyanakili usiku na mchana bila hata kutazama ni ya nani, labda amekosea. Lakini alikuwa mtu wa kujivunia mwandiko wake, na hilo likamponza. Alivuta droo, akatoa bahasha zilizofungwa kwa kamba, akapekua kuhakikisha. Alipoipata yenyewe alitaka kuirudisha. Winifrida alikwisha kuishika.

Ulikuwa mwandiko wa Onesphory, herufi zake kubwa zinazolalia kushoto, zile zile anazoandikia bei kwenye maharage. Majina matatu na msalaba mdogo mbele ya kila moja.

Tarehe mbili Novemba ilikuwa Ijumaa. Ilikuwa Ijumaa ya sita. Walikwenda pamoja asubuhi ile, na yeye alimwomba Mungu amrudishe Tarsis, na mumewe aliinuka akaenda mbele kutumbukiza bahasha kwenye kapu.

*

Onesphory alikuwa na meza ya maharage chini kabisa ya Soko la Kariakoo, kule wanakokuita shimoni. Alikuwa anampimia mteja alipoona miguu ya mkewe ikishuka ngazi. Winifrida hakumsalimu mtu. Alifika mezani, akaiweka bahasha juu ya sahani ya mizani, juu ya maharage.

Onesphory aliitazama. Mteja alisubiri, kisha akaelewa kwamba hapa hakuna biashara, akaondoka bila maharage yake.

"Onesphory," Winifrida alisema. Miaka ishirini na minne alimwita Baba Tarsis. "Barua ilikuja lini?"

"Julai."

"Tarehe ngapi?"

"Ishirini na tatu."

"Ilikuwa baada ya Ijumaa ya ngapi?"

"Ya pili."

Ufunguo wa sanduku la posta ulining'inia kwenye mkanda wake, pale ulipokaa siku zote. Ni yeye tu aliyekwenda Posta kuchukua barua. Winifrida aliutazama, na mumewe akaufunika kwa mkono kama mtu aliyevuliwa nguo.

Alieleza kwa sauti ya chini, akiwaangalia wenzake wa meza za jirani ambao walijifanya wanafunga magunia. Alisema alitaka kumwambia siku ile ile. Alipofika nyumbani alimkuta ameweka alama ya mkaa ukutani, mbili, na nafasi ya saba zilizobaki. "Uliniambia ukikatisha unaanza moja. Nikasema amalize. Nikasema labda zikiisha atakuwa na nguvu, Mungu atakuwa amempa nguvu ya kulipokea. Kila mwezi nikasema bado nne, bado tatu. Ijumaa hii niliyaweka maneno mdomoni. Kisha dada akaja na lile jani."

"Meno yalikuwa yananigongana kwa homa, na wewe umenishika mkono, na unajua."

"Ndiyo."

"Kila jioni napiga magoti namwomba Mungu amrudishe mtu, na wewe uko pembeni yangu unaitikia Amina. Amina kwa lipi, Onesphory?"

Onesphory aliokota harage moja sakafuni, akalirudisha kwenye gunia.

"Nimemlaumu Mungu kwamba ni bubu. Nimemwambia Bi Zamda, nimemwambia Mwalimu Marcelino, nimemtukana babu kaburini. Kumbe jibu liko sokoni, chini ya maharage."

Alikisia tu, lakini alikisia sawa. Onesphory aliinama, akasogeza sanduku la mawe ya mizani, akatoa bahasha ya kaki iliyokunjwa mara nne. Alianza kuifungua amsomee. Winifrida aliichukua mkononi mwake. Alisema anajua kusoma.

Alisoma kwa kidole, amesimama, silabi kwa silabi, na soko lote la chini lilimsikia. Barua haikuwa ndefu. Inasikitika kuwaarifu. Namba yake ya jeshi. Kwamba alifariki tarehe kumi na tisa Mei 1979, kaskazini mwa Uganda, akitekeleza wajibu wake kwa taifa, akazikwa huko kwa heshima.

Kwenye *Mei* alisimama. Alihesabu kwa vidole vya mkono wa pili. Ijumaa ya kwanza ilikuwa mosi Juni.

"Alikwisha kufa," alisema. "Hata ile ya kwanza. Alikwisha kufa."

Aliikunja barua, akanyoosha mkono. Onesphory alielewa kabla hajaambiwa. Alifungua mkanda wake, akachomoa ufunguo wa posta, akampa. Winifrida aliufunga kwenye pindo la kanga, mafundo mawili.

*

Matanga yalikaa siku tatu, matanga bila maiti. Walikuja watu wa parokia, watu wa soko, na Ndugu Mrisho ambaye alileta kilo mbili za sukari na hakusema zimetoka wapi. Wote walikuwa na maneno. Mmoja alisema Mungu anachuma maua mazuri kwanza. Mwingine alisema Mungu hakosei. Winifrida aliwasikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Padri alikuja siku ya pili. Alikuwa mzee, na alikaa kwenye kigoda ingawa alipewa kiti. Hakumwambia Mungu ana mpango. Alisema jambo moja, akalisema kwa kusitasita. Sisi tunaishi siku moja baada ya nyingine, alisema, lakini mbele ya Mungu siku zote ziko wazi kwa pamoja. Kanisa linafundisha hivyo. Siku ile ya Mei Mungu alikwisha kuziona Ijumaa tisa ambazo mama alikuwa bado hajazitembea. Haiwezekani kuomba lililokwisha kutokea lisitokee. Lakini inaaminika kwamba sala ya baadaye inaweza kumfaa aliyekufa jana, saa yake ya kufa, kwa kuwa kwa Mungu haikuchelewa. Na neema ya Ijumaa tisa ni neema ya kufa vema. Huenda hakupata alichoomba, lakini hakuomba bure.

Watu walitikisa vichwa kukubali. Lilikuwa neno zuri, na padri alilisema akiwa analiamini. Winifrida alilifikiria kweli, maana alikuwa mtu wa sala na hakutaka kumdharau.

"Ahsante, Padri," alisema. "Labda ni kweli. Lakini nisikilize. Kama siku zote ziko wazi, basi Mungu aliniona natapika barabarani kwenda kumwomba, na aliona barua iko chini ya mizani. Alijua yeye. Alijua mume wangu. Jeshi lilijua, sanduku la posta lilijua. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sijui, na mimi ndiye niliyekuwa nauliza. Hilo nalo lina maelezo?"

Padri alisema halina. Alisema zipo zaburi ambazo mtu anamlaumu Mungu tangu mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, na moja inaishia gizani bila faraja yoyote, na Kanisa halikuwahi kuzitoa kwenye sala zake. "Zisome hizo," alisema. "Unajua kusoma."

Bi Zamda alikuwa jikoni muda wote huo, anaosha masufuria ya wageni. Jioni alikuja akakaa mkekani karibu na Winifrida, mikono yake imelowa. Alifungua mdomo, na Winifrida akamwambia taratibu, "Bi Zamda, njia tatu nazijua."

"Nilitaka kusema umeme umekatika jikoni," Bi Zamda alijibu.

Winifrida alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi kibaya, kikageuka kilio, cha kwanza tangu Jumatatu, na Bi Zamda alimshika mpaka kikaisha, asitie neno.

*

Kwa mwezi mzima Winifrida hakuzungumza na mumewe isipokuwa kwa mambo ya nyumba. Chakula kiko tayari. Severa anahitaji daftari. Kila Jumatano alikwenda Posta mwenyewe, akafungua sanduku, akaingiza mkono mpaka mwisho, akapapasa bati, akalifunga. Karani mmoja alimwambia angeweza kuchungulia tu. Alijibu kwamba alikwisha kuchungulia miezi tisa kwa macho ya mwingine.

Ijumaa ya kwanza ya Machi hakwenda kanisani.

Jioni ile, saa moja, kabla ya kula, Onesphory alilitungua jani pale msumarini. Lilikuwa limekauka kingoni, lakini fundo lilikuwa bado bichi. Dada yake Theopista, ambaye hakuwa ameondoka tangu msiba, alikaa wima. Onesphory alipiga magoti mbele ya mkewe sakafuni, mwanaume wa miaka hamsini, akaliweka isale mezani mbele yake. Hakusema neno. Isale halina maneno.

Theopista alinong'ona kwamba wifi anajua halikataliwi.

"Najua," Winifrida alisema. "Mmenifunga nalo. Hata hasira yangu si yangu, ina desturi zake." Alilitazama jani, kisha mumewe. Alimwona amekonda, kola ya shati imemzidi shingo. Alikuwa amefiwa miezi minane peke yake shimoni, anapima maharage. Winifrida hakutaka kuliona hilo, na aliliona, na likamzidishia hasira.

Aliliacha jani pale lilipo. Hakulisukuma.

"Severa, washa mshumaa," alisema. "Tusali."

Walipiga magoti. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba. Winifrida alifanya ishara ya msalaba, akainua uso kwenye picha ya Moyo Mtakatifu, akakaa kimya mpaka Severa akafungua jicho moja kumtazama.

"Bwana," alisema, "leo sina ombi. Nilikuomba kitu kimoja miezi tisa, na wewe ulijua kwamba hakipo. Ungeweza kunigusa bega. Ungemtuma hata punda aniambie. Uliniacha niende na kurudi. Wanasema una akiba yangu, wanasema ulikwisha kunisikia kabla sijaanza, wanasema nilikuomba kwa njia isiyo yako. Wananieleza habari zako sana. Wewe mwenyewe hunielezi."

Sauti yake haikupanda. Theopista alijikunja, anangoja paa lianguke.

"Mwanangu yuko kwako. Nasema hivyo kwa sababu sina mahali pengine pa kumweka. Mtunze. Mimi sijakuacha, na sitakuacha, maana nikikuacha nitamwuliza nani? Lakini kati yangu na wewe pana neno. Huyu mume wangu amenikosea, na ameleta isale, liko mezani, na nitalipokea, si leo, lakini nitalipokea. Wewe, Bwana, lako liko wapi?"

Nje, mtu alipita anasukuma mkokoteni wa magunia, akawakemea watu wampishe njia. Mshumaa uliyumba ukasimama. Onesphory alikuwa na machozi mpaka kwenye masharubu, na kwa mazoea ya miaka yote, aliposikia kimya, alivuta pumzi aitikie Amina.

Winifrida alimwekea kiganja kifuani.

"Bado," alisema. "Sijamaliza."